Be- ya Kiajemi: lini ni dua, lini ni shaka, lini ni adabu tu

*Mwalimu, natafsiri mazungumzo ya tamthilia za Kiirani kwa Kiswahili, yale yanayosomwa chini ya picha. Darasani tulifundishwa kuwa kitenzi cha Kiajemi kinachoanza na be- ni sawa na "aende", "asome" yetu. Nikifuata hivyo, wahusika wangu ama wanaamrishana ama wanaombeana dua kutwa nzima. Mara nyingine nahisi kabisa kuwa hapa ni shaka tu, au ni heshima tu, ila sina hoja ya kujitetea. Nipe njia ya kutofautisha. (Msomaji, Tanga)*

Ndugu yangu, ulichofundishwa si uongo, ila kimeishia nusu ya njia. Kiambishi be- chenyewe hakibebi tamaa, wala shaka, wala heshima. Kinasema jambo moja tu: hili silitangazi kuwa limetokea au linatokea. Kwa nini silitangazi? Hilo unaambiwa na kitu kingine, na mara nyingi kitu hicho kimekaa kabla ya kitenzi. Kiajemi kinatosheka na umbo moja kwa sababu zote hizo. Kiswahili kimegawa kazi. Irabu -e ya mwisho tumeipa kuomba, kuagiza, kutaka na kueleza kusudi. Shaka tumeiachia -ka-, -ta- na neno "kama". Tamaa iliyokwisha kupitwa na wakati tumeipa -nge- na -ngali-. Adabu ina maneno yake yenyewe: pole, naomba, karibu, hodi. Basi usitafute -e ya kila be-. Uliza kwanza, be- hii imeitwa na nani?

Kabla sijaendelea, nitaandika Kiajemi kwa herufi zetu, na "aa" iwe ile a ndefu inayotamkwa kuelekea o. Mifano mingi nitaitoa kwa lugha ya mazungumzo ya Tehran, kwa kuwa ndiyo unayoisikia kwenye tamthilia. Kwenye kitabu utakuta *beravad*, mdomoni ni *bere*. Kwenye kitabu ni *biyaayad*, mdomoni ni *biyaad*.

Umbo lenyewe halina mengi, ila lina mitego mitatu ambayo inaharibu tafsiri kabla hata hujafika kwenye maana. Wa kwanza ni kwamba be- hutoweka. Katika vitenzi vya maneno mawili, kama *telefon kardan* (kupiga simu) au *kaar kardan* (kufanya kazi), msemaji mara nyingi husema *telefon konam* bila be- yoyote, na hali tegemezi, yaani hali hiyo ya kutotangaza jambo, iko palepale. Kikanushi na- nacho huifukuza: *bere* ni "aende", *nare* ni "asiende". Mtego wa pili ni kitenzi "kuwa", ambacho hutumia shina *baash-* na hakihitaji be-: *baasham*, *baashi*, *baashe*. Wa tatu ndio unaowaangusha wengi. Kitenzi *daashtan*, "kuwa na", hujenga hali tegemezi yake ya sasa kwa umbo linalofanana na la wakati uliopita: *daashte baasham*. Ukiona *rafte baashe* ni "awe amekwenda", lakini *daashte baashe* ni "awe nacho" tu, leo hii. Nimeona *baayad pul daashte baashi* ikitafsiriwa "lazima ulikuwa na pesa", na mhusika akageuka kutoka anayeshauri kuwa anayetuhumu. Maana yake ni "unapaswa uwe na pesa".

Sasa tuje kwenye shaka, kwa sababu hapo ndipo -e yetu inapokosea zaidi.

Neno *shaayad* (huenda, labda) huita hali tegemezi. *Shaayad biyaad.* Anayefuata be- kwa be- ataandika "huenda aje", na hakuna mtu Tanga wala Mombasa anayesema hivyo. Sisi tunasema "huenda akaja", au "labda atakuja". Vivyo hivyo *momkene baarun biyaad* ni "inawezekana mvua ikanyesha". Ikiwa jambo limepita na bado halijulikani, Kiajemi kinasema *shaayad rafte baashe*, nasi tunasema "huenda ameondoka", bila -e popote. Kiswahili kikishaweka neno la shaka mbele, kinaona kazi imekwisha. Hakina haja ya kukikunja tena kitenzi.

Angalia pia Kiajemi kinavyogeuka pale "nadhani" inapokanushwa. *Fekr mikonam miyaad*, "nadhani atakuja", kina kitenzi cha kawaida chenye mi-. Kanusha: *fekr nemikonam biyaad*, na mara be- imeingia, kwa kuwa msemaji hasimami tena nyuma ya habari ile. Kiswahili hufanya mgeuko huohuo kwa neno "kama": "nadhani atakuja", lakini "sidhani kama atakuja". Kwa hiyo be- hapa haikai kwenye kitenzi chetu, imehamia kwenye "kama". Ukiandika "sidhani aje" umekosa mara mbili, kwa sarufi na kwa maana, maana msomaji ataanza kuwaza ni nani anayemkataza asije.

Hofu ni ndugu ya shaka, na hapo Kiswahili kina chombo kizuri kuliko watafsiri wengi wanavyokitumia. *Mitarsam biyofte* ukiifuata neno kwa neno ni "naogopa aanguke". Kiswahili kinachosikika ni "nahofia asije akaanguka". Tumerudisha -e, lakini tumeongeza ukanushi ambao Kiajemi hakina, na usiogope kuuongeza. Nacho Kiajemi kina maneno mawili ya hofu yanayolingana kabisa na "asije": *mabaadaa*, la kitabuni zaidi, na *nakone*, la mtaani. *Mabaadaa biyofti* ni "usije ukaanguka". *Nakone dir karde baashim?* ni "isije ikawa tumechelewa?" Hilo *nakone* ukilichambua ni "isifanye", na wapo waliolitafsiri hivyohivyo. Kwenye skrini inasomeka "isifanye tumechelewa", na mtazamaji anabaki anatafuta kitu gani kisifanye nini.

Halafu kuna *baayad*. Hili lipe muda, kwa sababu linasimama mguu mmoja kwenye wajibu na mwingine kwenye dhana, na yote mawili huita be-. *Baayad bere* ni wajibu: "lazima aende", "inabidi aende". *Baayad khune baashe* inaweza kuwa wajibu, "anatakiwa awe nyumbani", au dhana, "atakuwa nyumbani". Kiajemi kinaliacha wazi. Kiswahili hakikuruhusu kuliacha wazi, kwa kuwa dhana yetu huja na -ta-: "atakuwa yuko nyumbani". Kipimo changu ni kuangalia nani ana uwezo wa kubadilisha jambo. Baba akimfokea binti kwa kurudi usiku na kusema *baayad khune baashi*, binti anaweza kutii, basi ni wajibu. Jirani akiulizwa mtu fulani yuko wapi, akajibu *baayad khune baashe*, jirani hana mamlaka juu ya mtu huyo, anakisia tu. Hali tegemezi ya wakati uliopita hukusaidia zaidi: *baayad rafte baashe* karibu kila mara ni dhana, "atakuwa ameondoka", isipokuwa pakitajwa muda wa mwisho. *Taa saa'at-e panj baayad rafte baashe* inarudi kwenye wajibu: "ikifika saa kumi na moja awe ameshaondoka". (Saa nayo igeuze, Wairani huhesabu saa zao kuanzia usiku wa manane, na *panj* yao ni tano.)

Na kikanushi chake kisikupotoshe. *Nabaayad bere* ni "hatakiwi kwenda", "asiende". Si "si lazima aende". Hiyo kwao ni *laazem nist bere*. Katika tamthilia ya polisi kosa hilo linamfungulia mtuhumiwa mlango.

Kwenye tamaa, swali la kujiuliza ni moja: msemaji bado ana matumaini, au ameshakata tamaa? Kiajemi hutenga hayo mawili kwa kitenzi kinachofuata *kaash*, na watafsiri wetu huyachanganya kwa sababu kamusi inasema *kaash* ni "laiti" na basi. *Kaash baarun biyaad* ina be-. Mawingu yapo, mkulima ameinua macho, mvua bado inaweza kuja. Hiyo ni "natamani mvua inyeshe", au "Mungu ajalie mvua inyeshe". *Kaash baarun miyumad* haina be-. Ina wakati uliopita wenye mi-. Mkulima huyu ameangalia mbingu nyeupe, au anakumbuka mwaka uliopita. Hiyo ndiyo "laiti mvua ingenyesha", au "ingalinyesha". Ukiweka "laiti" na -nge- kwenye sentensi ya kwanza, umemfanya mtu mwenye matumaini aonekane amekata tamaa, na tukio linalofuata, ambapo mvua inanyesha, halitakuwa na uzito wowote.

Ipo na hali ya tatu, ya katikati: jambo limeshapita lakini msemaji hajui limekwendaje. *Kaash be ghataar reside baashe.* Treni imeondoka, kijana ama aliiwahi ama hakuiwahi, mama hajui. Hapo "laiti angeiwahi" ni kosa kubwa, kwa sababu inasema hakuiwahi. "Mungu ajalie awe ameiwahi treni" ndiyo yenyewe, au kwa ufupi wa skrini, "natumai ameiwahi".

Kutaka kwa kawaida, *khaastan*, kuna sheria nyepesi. Mwajemi husema *mikhaam beram*, "nataka niende", hata pale anayetaka na anayekwenda ni mtu mmoja, kwa kuwa hana njia ya kawaida ya kutumia kitenzi-jina hapo. Kiswahili sanifu husema "nataka kwenda" mtu akiwa mmoja, na "nataka aende" wakiwa wawili. "Nataka niende" husikika mitaani sehemu nyingi, na ukimpa mtoto anayedeka kwenye tamthilia inapendeza. Ukimpa kila mhusika, wote watadeka.

Dua za wazi hazina shida, ndiko -e inakofaa kabisa: *khodaa shefaa bede*, Mungu amponye, *khodaa rahmatesh kone*, Mungu amrehemu. Kimebaki pia kipande cha hali ya kale ya kuombea, chenye -aad, kwenye misemo kama *zende baad*, ambayo sisi tunayo tayari kwenye mikutano ya hadhara: "idumu!", "zidumu!"

Sasa adabu. Hapa ndipo wahusika wako walipoanza kuombeana dua kutwa nzima, na sababu ni kwamba Wairani kweli huombeana dua kutwa nzima, ila hakuna anayezisikia tena kama dua. Mtu akipita mbele ya fundi anayefanya kazi husema *khaste nabaashid*. Maneno yake ni "usiwe umechoka". Kazi yake ni "pole na kazi", na ndivyo uandike. Anayepokea kitu husema *dastet dard nakone*, "mkono wako usiume", nasi tunasema "ahsante sana", au kwa mkarimu zaidi, "ahsante, Mungu akubariki". *Mobaarak baashe* ni "hongera". *Movaffagh baashid* ni "kila la heri". *Ghorbunet beram*, ambayo kwa maneno ni "niende niwe kafara yako", ni "kipenzi changu" kwa mama, na mwisho wa simu baina ya marafiki ni "haya basi, ndugu yangu". Misemo hii yote iko katika hali tegemezi, lakini ukiichambua umechelewa. Ichukue nzimanzima, utafute Mswahili aliyesimama mahali pale angesema nini.

Lakini uwe macho, msemo mmoja hufanya kazi zaidi ya moja. Vyuoni Irani, kipindi kikikaribia kwisha na mwalimu bado anaendelea, utasikia mwanafunzi nyuma akisema *khaste nabaashid, ostaad*. Hiyo si pole. Ni kumwambia mwalimu kwa heshima kwamba muda umekwisha, na darasa zima linacheka. "Pole na kazi, mwalimu" inaweza kubeba utani huo ikiwa picha inaonyesha watu wanafunga madaftari. Kama haionyeshi, andika "Ahsante, mwalimu, umechoka sasa".

Aina ya pili ya adabu ni swali la nafsi ya kwanza, na hapo tumshukuru Mungu, lugha zetu zimekutana. *Chaai biyaaram?* ni "nikuletee chai?" *Chi kaar konam?* ni "nifanye nini?" *Biyaam tu?* ni "niingie?", ingawa mlangoni "hodi" inashinda. Kila be- yenye nafsi ya kwanza na alama ya kuuliza, bila neno la kuiita, ni kuomba ruhusa au ushauri, na -e yetu inatosha.

Ya tatu ni ombi lililofunikwa. *Mishe dar-o bebandid?* kwa maneno ni "inawezekana mfunge mlango?" Kiswahili hicho kinasikika kama fundi anayeuliza kama bawaba ni nzima. Sisi huficha amri kwa njia nyingine, kwa "naomba" na kwa kauli ya kutendea: "naomba unifungie mlango". Hiyo -i- ya "unifungie" ndiyo inayofanya kazi ya *mishe*. Na *mikhaastam ye chizi begam*, "nilitaka niseme kitu", ambayo Mwajemi huiweka wakati uliopita ili asionekane anamvamia mtu, tunayo pia: "nilikuwa na neno moja".

Bado katika adabu, uliandika mara nyingi "mje", "mkae" kwa mzee mmoja? Kama uliandika, nitajua chanzo. Mwajemi humpa mkubwa wake wingi, *shomaa*, na kitenzi chenye -id au -in. Wingi huo usiuvushe. Kwetu wingi kwa mtu mmoja humfanya msomaji atafute mtu wa pili kwenye picha. Heshima yetu hukaa kwenye jina la kumwitia: "Karibu ukae, Haji", "Kaa kidogo, mama yangu". Na kumbuka kuwa *berid* yenye wingi ni amri na hali tegemezi kwa pamoja. Katika umoja tu ndipo zinatengana, *boro* (nenda) na *beri* (uende).

Ukishindwa kabisa kuamua, fanya hivi. Ichukue sentensi ya Kiajemi, ujaribu kuitanguliza kwa *khodaa kone* (Mungu ajalie). Ikikubali bila kubadilika maana, ni tamaa au dua. Jaribu *momkene* (inawezekana). Ikikubali, ni shaka. Jaribu *baa ejaazatun* (kwa ruhusa yako). Ikikubali, ni adabu. Na ikikataa yote matatu, huenda be- hiyo haina maana yoyote ya ziada, imeitwa na sarufi tu. Mfano maarufu ni *ghabl az inke*, "kabla". *Ghabl az inke biyaad, raftam.* Alikuja kweli, hakuna shaka, hakuna tamaa, hakuna heshima, na bado kitenzi kina be-. Kwetu ni "niliondoka kabla hajaja". "Kabla aje" ifute.

Tuyaone yote kwenye kipande kimoja. Nimekitunga mwenyewe, ila kila sentensi ni ya kawaida. Ni usiku, Haji mzee amemtembelea mama mmoja Tehran, mwenye mtoto anayeitwa Reza ambaye hajarudi kazini.

Haji anaanza: *Mozaahem nabaasham. Beram dige.* Kwa maneno: "Nisiwe msumbufu. Niende sasa." Hakuna neno lililoita be-, nafsi ni ya kwanza, *baa ejaazatun* inakaa vizuri mbele yake. Ni adabu ya kuaga. Naandika: "Nimekuchosha. Acha niende sasa." Hiyo "acha" haimo kwenye Kiajemi, ni namna yetu ya kuiambia -e kuwa isisikike kama tangazo.

Mama anajibu: *Nemizaaram shaam nakhorde berid. Shaayad Rezaa alaan biyaad.* Be- ya kwanza imeitwa na "siachi", ya pili na "huenda". Ya kwanza inakubali -e, ya pili inaikataa. "Sikuachi uende bila kula, Haji. Huenda Reza akafika sasa hivi." Na mama anasema "uende", si "mwende".

Haji: *Fekr nakonam be in zudihaa biyaad.* Hapa kuna jambo la kufurahisha. Kitabuni ni *nemikonam*, lakini mdomoni watu husema *nakonam*, yaani hata "sidhani" yenyewe imetiwa katika hali tegemezi, ili isigongane na alichosema mama. Ni shaka juu ya shaka. "Sidhani kama atakuja mapema hivyo" ni sahihi, lakini ni kavu kidogo. Mimi ningeandika "Sijui kama atawahi hivyo", kwa kuwa "sijui kama" yetu ni pole kuliko "sidhani".

Mama anashtuka: *Nakone tasaadof karde baashe?* "Isije ikawa amepata ajali?"

Haji: *Khodaa nakone! Baayad tu teraafik gir karde baashe.* Sasa *nakone* ileile imepata mwenyewe, Mungu, na imegeuka kutoka hofu kuwa dua. "Mungu apishe mbali!" Halafu *baayad* na umbo la wakati uliopita, hakuna muda wa mwisho, Haji hana amri juu ya foleni: ni dhana. "Atakuwa amekwama kwenye foleni." Ukiweka "lazima awe amekwama", Haji atasikika kama anampangia kijana mahali pa kukwama.

Reza anaingia, viatu mkononi. Haji: *Khaste nabaashi, javun.* "Pole na kazi, kijana." Reza: *Salaamat baashid.* Kwa maneno ni "uwe na afya", na hapa usiseme "uwe na afya njema, Haji", kwa sababu hilo kwetu linasemwa kwa mgonjwa. "Ahsante, mzee wangu" inatosha. Ukitaka kuonyesha umri kati yao, mpe "Nimeshapoa, Haji. Shikamoo." Shikamoo hiyo haimo, lakini Reza ni mdogo, anaingia na kumkuta mzee amekaa, mtazamaji wa Tanga ataishangaa isipokuwepo.

Mama hana pole. *Kaash ye zang mizadi!* Kaash, lakini hakuna be-. Kuna mi- na wakati uliopita. Nafasi ya kupiga simu imekwisha. "Laiti ungepiga simu" ni sahihi kwa kitabu, lakini ni mama aliyekasirika: "Si ungepiga simu!"

Mwisho Reza anamletea Haji chai, na Haji anasema *pir shi, pesaram*. Nimeona msemo huu ukiandikwa "uzeeke, mwanangu", na kwa Kiswahili hiyo inakaribia laana. Be- haionekani, kwa kuwa *shodan*, "kugeuka kuwa", huweza kuitupa, lakini *khodaa kone* inakaa mbele yake bila tatizo, basi ni dua: ufikie uzee. "Mungu akupe umri mrefu, mwanangu." Kama mstari wako wa skrini hauna nafasi ya maneno yote hayo, "Uishi sana, mwanangu" inatosha.